Mshahara umeacha kupita kwenye akaunti, ada imebaki: uiombe benki nini?

*"Akaunti yangu ilifunguliwa kupitia mwajiri. Mkataba uliisha miezi tisa iliyopita, sasa naishi kwa kazi za muda na malipo yanaingia siku yoyote. Tangu hapo benki inanikata 500 kila mwezi, wanaita ada ya uendeshaji. Mwezi uliopita salio lilivuka 30,000 ambayo wanasema ndiyo inayoondoa ada, bado wakakata. Nilipiga simu nikaambiwa ni mfumo, hakuna wanachoweza kufanya. Naweza kuomba wanirudishie? Nihamie akaunti ya bei nafuu, au nitoe zote niiache ijifie?"*

Hilo la mwisho usilifanye. Akaunti haifi kwa kuachwa tupu. Ukitoa pesa zote leo, mwisho wa mwezi ada inadaiwa vilevile. Benki nyingine hukata hadi salio liwe hasi. Nyingine huandika ada kama deni linalosubiri, na siku mtu atakapokutumia malipo kwa namba ile ya zamani, deni linajichukulia chake kwanza, wewe unabaki kujiuliza pesa imekwenda wapi. Makato ya benki hayahesabiki kama wewe kuitumia akaunti, kwa hiyo baada ya muda itaingia kwenye kundi la akaunti zilizolala. Huko kuna benki zinazosimamisha ada na kuna zinazoongeza ada nyingine ya kulala. Salio hasi ni deni kama madeni mengine, na likikaa muda mrefu linaweza kufikishwa kwa taasisi zinazotunza taarifa za wakopaji. Benki Kuu ya India ililazimika kutoa agizo, lililoanza kutumika Aprili 2015, kwamba adhabu ya kushuka chini ya salio la chini isiifanye akaunti ya akiba iwe na salio hasi. Agizo kama hilo halitolewi pasipo tatizo.

Kwa hiyo akaunti ama inafungwa rasmi kwa maandishi, au inabadilishwa aina. Ila kabla hujachagua, tuanze na lile jibu la simu, maana ndilo lililokukatisha tamaa.

"Ni mfumo" ni kweli nusu. Nimefanya kazi upande ule wa meza, na naweza kukueleza kinachotokea. Kila akaunti ndani ya mfumo wa benki imepewa aina, na aina hiyo ina msimbo wake. Msimbo ndio unaobeba masharti yote: ada kiasi gani, ikatwe tarehe ngapi, nani asamehewe na kwa sababu gani. Usiku wa mwisho wa mwezi kompyuta inapitia akaunti zote za msimbo huo kwa mkupuo mmoja. Inauliza maswali machache tu: Je, mshahara umeingia? Je, salio limefika kiwango? Kama majibu yote ni hapana, inakata. Hakuna mtu aliyekaa akaamua kukukata wewe. Lakini kuna mtu aliyeiweka akaunti yako kwenye msimbo huo, na kuna mtu mwenye mamlaka ya kuitoa. Mhudumu wa simu mara nyingi si huyo. Yeye anaona makato kwenye skrini, ila hana kitufe cha kuyageuza, na badala ya kusema "mimi sina mamlaka" anasema "mfumo".

Akaunti yako, kwa maelezo uliyotoa, ilisamehewa ada kwa sharti la mshahara. Ulipokuwa kazini malipo yalitoka kwa mwajiri yakiwa na alama ya mshahara, mfumo ukayatambua. Sasa unalipwa na watu mbalimbali. Hata wakikutumia kiasi kilekile, au ukijiwekea mwenyewe kila tarehe 28, benki nyingi haziyahesabu kama mshahara kwa sababu alama ile haipo. Wengi huhangaika kuhamisha pesa kutoka akaunti yao nyingine wakidhani wameuzunguka mtego. Uliza kwanza kama benki yako inakubali "kiasi kinachoingia kwa mwezi" au inadai mshahara wenyewe. Hayo ni masharti mawili tofauti, na karatasi ya ada huyaandika kwa herufi ndogo.

Sasa lile la salio kuvuka 30,000 na bado ukakatwa. Hapa sitakuunga mkono haraka, kwa sababu inawezekana kabisa benki iko sahihi. Kuvuka kiwango siku moja au hata wiki moja hakutoshi. Benki hutumia mojawapo ya vipimo viwili: salio la chini kabisa kufikiwa ndani ya mwezi, au wastani wa salio la kila siku. Kwa kipimo cha kwanza, siku moja tu chini ya 30,000 inatosha kukuangusha. Kwa cha pili, siku ambayo pesa iliingia ndiyo inayoamua.

Tuchukue mwezi wa siku 30. Tuseme ulianza na 12,000, na tarehe 20 ukalipwa 33,000, salio likawa 45,000 na hukuligusa. Siku 19 za mwanzo zenye 12,000 zinatoa 228,000. Siku 11 za mwisho zenye 45,000 zinatoa 495,000. Jumla ni 723,000, gawa kwa 30, wastani ni 24,100. Umekatwa kwa haki, ingawa kwenye simu yako uliona 45,000. Malipo hayohayo yangeingia tarehe 10, zingekuwa siku 9 za 12,000 na siku 21 za 45,000, wastani ungefika 35,100 na ada isingekuwepo. Pesa ni ileile, tofauti ni siku kumi tu.

Chukua taarifa ya akaunti ya mwezi huo ufanye hesabu hii mwenyewe kabla hujaenda kulalamika. Tumia salio la mwisho wa kila siku, si kila mstari wa muamala, na angalia pia kama malipo yaliyoingia yalikuwa tayari yameiva. Hundi, kwa mfano, inaweza kuonekana kwenye akaunti leo na kuhesabiwa kwenye salio baada ya siku kadhaa. Ukikuta wastani wako umefika kiwango na bado wamekata, hapo huombi hisani tena. Hilo ni kosa lao, na linarekebishwa bila mjadala mrefu. Ukikuta haujafika, achana na hoja hiyo kabisa, kwa sababu ukiianza nayo na ofisa akaipindua kwa dakika mbili, maombi yako mengine yatasikilizwa kwa sikio moja.

Kuna mambo matatu unayoweza kuomba, na watu huyachanganya. La kwanza ni kurudishiwa ada zilizokwisha katwa. La pili ni kusamehewa ada zijazo huku akaunti ikibaki ilivyo. La tatu ni kuhamishiwa aina nyingine ya akaunti. Ndani ya benki haya hupita njia tofauti.

Kurudishiwa maana yake benki inatoa pesa kwenye mapato yake, tena mapato ambayo mengine yalishaingia kwenye hesabu za miezi iliyofungwa. Kwa hiyo kuna mipaka: ofisa wa huduma anaweza kupendekeza, meneja wa tawi au msimamizi wa shughuli anaidhinisha hadi kiasi fulani, zaidi ya hapo inakwenda makao makuu. Ndiyo maana ombi la kurudishiwa miezi miwili au mitatu hukubaliwa kirahisi kuliko la miezi tisa, hata kama sababu ni ileile. Miezi tisa yako ni 4,500. Kama huna kosa la benki la kuonyesha, mimi ningeomba mitatu, yaani 1,500, na ningehesabu nimefanikiwa nikiipata. Kama kosa lipo, omba yote tisa na usipunguze. Kosa ninalolisema ni kama haya: masharti ya akaunti hayakutaja kwamba mshahara ukikoma ada inaanza; ada ilipandishwa bila taarifa ya mapema ambayo mkataba wako au sheria inadai; au ulishaomba kubadilishiwa akaunti zamani na ombi likalala kwenye faili. "Sikujua" peke yake si kosa la benki, ingawa ni sababu ya kibinadamu na unaweza kuitaja.

Kusamehewa ada zijazo ndiko kunakopendwa zaidi, na ndiko nisikokupendekezea. Ofisa anaweka alama kwenye akaunti yako kwamba isikatwe. Alama hiyo karibu siku zote ina tarehe ya mwisho, labda miezi mitatu, sita, au mwaka. Hakuna atakayekupigia simu siku inapokwisha. Ada inarudi kimya, na unaigundua baada ya miezi mingine minne. Msamaha una maana pale tatizo lenyewe ni la muda: una ajira mpya inayoanza mwezi ujao, au uko likizo isiyo na malipo na utarudi. Kwako wewe, ambaye namna ya kupata pesa imebadilika kabisa, akaunti yenyewe haikufai tena. Ukipewa msamaha kama zawadi, upokee, lakini uliza unaisha tarehe ngapi na uandike kwenye kalenda.

Kuhama ndilo jambo la kuangalia kwa makini. Benki nyingi zina akaunti ya msingi, isiyo na ada ya mwezi au yenye ada ndogo, na isiyodai salio la chini. Mahali pengine si hiari yao. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya 2014, uliwapa wakazi wake haki ya kupata akaunti ya malipo yenye huduma za msingi, na benki hairuhusiwi kudai kwa akaunti hiyo zaidi ya ada ya kiasi. India nayo iliweka mwaka 2012 akaunti ya msingi ya akiba isiyo na salio la chini, ambayo kila benki lazima iwe nayo. Akaunti za namna hii hazitangazwi kwenye mabango, kwa sababu haziiletei benki faida kubwa. Unazikuta chini kabisa ya orodha ya ada, na mara nyingi ofisa hataitaja usipoitaja wewe kwa jina. Soma orodha hiyo kabla ya kwenda tawini.

Ila bei nafuu kwa mwezi si lazima iwe bei nafuu kwako. Akaunti ya msingi kwa kawaida inatoza kwa kila muamala kile ambacho akaunti yako ya sasa inakupa bure au kwa punguzo. Tufanye hesabu kwa mfano mmoja. Namba za kila muamala ni za kubuni, weka za benki yako. Akaunti ya sasa: ada 500, kutoa pesa kwenye mashine ya benki bure, kutuma kwenda benki nyingine 30 kila mara. Akaunti ya msingi: ada hakuna, kutoa pesa 40 kila mara, kutuma 60. Tuseme kwa mwezi wa kawaida unatoa mara nne na kutuma mara mbili. Akaunti ya sasa inakugharimu 500 na 60, jumla 560. Akaunti ya msingi inakugharimu 160 na 120, jumla 280. Umeokoa nusu. Lakini mwezi unaotoa mara kumi na kutuma mara sita, ya sasa ni 680 na ya msingi ni 760, umepata hasara. Kwa hiyo chukua taarifa za miezi mitatu, hesabu umetoa mara ngapi na umetuma mara ngapi, kisha uone uko upande gani. Wengi wakishaona hesabu hii hupunguza safari za mashine: wanatoa mara mbili kiasi kikubwa badala ya mara sita kidogo kidogo, na akaunti ya msingi inazidi kuwa rahisi.

Kuna njia ya nne ambayo hukuuliza lakini umeigusa: kuacha 30,000 ikae ndani ili ada isikatwe. Ukiangalia juujuu inavutia mno. Ada ya mwaka ni 6,000, na ukiikwepa kwa kulaza 30,000 ni kama pesa hiyo imekuzalia asilimia 20 kwa mwaka. Hapo ndipo watu hujidanganya, maana wanalinganisha na ada wanayoweza kuihama. Ulinganisho wa haki ni kati ya kulaza pesa na kuhamia akaunti ya msingi. Kwa mfano wetu, ukilaza pesa unabaki unalipa 60 tu za kutuma. Ukihama unalipa 280. Tofauti ni 220 kwa mwezi, 2,640 kwa mwaka. Hiyo ndiyo faida halisi ya kulaza 30,000, karibu asilimia 9. Kama una kiasi hicho ambacho kweli hutakigusa na hakuna mahali pa salama pa kukipatia zaidi ya hapo, si wazo baya. Lakini kwa mtu ambaye malipo yake hayana tarehe, mwezi mmoja utaigusa tu, na mwezi huo unalipa ada huku pesa nyingine ikiwa bado imelala. Mimi nisingeliweka fungu langu la dharura mahali ambapo kulitumia kwa dharura kunaleta adhabu.

Ukishaamua, nenda tawini mwenyewe, lile lililofungua akaunti kama linafikika. Usiende siku za mwisho wa mwezi au za mishahara. Foleni ni ndefu, na ombi la kubadilisha akaunti likiingia usiku uleule wa makato, ada ya mwezi huo inakatwa kwa msimbo wa zamani. Katikati ya mwezi ni bora. Chukua kitambulisho, taarifa za miezi inayohusika ukiwa umepigia mstari kila makato, na barua ya kumaliza mkataba kama unayo, kwa sababu inaonyesha tarehe hasa mshahara ulipokoma. Dirishani hutapata kitu. Karani wa dirisha kazi yake ni kupokea na kutoa pesa. Omba kuonana na ofisa wa huduma kwa wateja, na uwe na barua yako tayari, nakala mbili. Kitu kama hiki kinatosha:

*"Akaunti namba ____ ilifunguliwa kama akaunti ya mshahara. Mshahara ulikoma mwezi wa ____, na tangu hapo nimekatwa ada ya uendeshaji ya 500 kila mwezi, jumla 4,500. Naomba mambo mawili. Kwanza, akaunti ihamishiwe aina ya ____ iliyomo kwenye orodha yenu ya ada, kabla ya makato ya mwezi huu. Pili, mnirudishie ada ya miezi ____, kwa sababu ____. Naomba jibu kwa maandishi likitaja tarehe ambayo mabadiliko yataanza."*

Nimetanguliza kuhama na kuweka kurudishiwa nyuma yake makusudi. Anayeidhinisha marejesho huulizwa na wakaguzi kama tatizo litajirudia. Ukishaomba kuhama umemjibia swali hilo, na inakuwa rahisi kwake kusaini. Anayeomba pesa tu bila kubadilisha chochote anaonekana kama atarudi tena baada ya miezi mitatu, na kwa kweli wengi hurudi. Nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa ukae nayo. Kuhusu kutishia kwamba utahamia benki nyingine: inasaidia kwa mteja mwenye amana kubwa au mkopo mnono. Kwa akaunti ya 12,000 haimtishi mtu, na inaharibu mazungumzo. Sema tu ukweli kwamba usipopata akaunti inayokufaa utaomba kufunga, na uliza utaratibu wa kufunga ukoje. Swali hilo la utulivu lina uzito kuliko ukali.

Kabla hujasaini fomu ya kuhama, uliza swali moja ambalo linaamua mengi: namba ya akaunti itabaki ileile? Benki nyingine hubadilisha msimbo tu na namba inabaki. Nyingine haziwezi, zinafungua akaunti mpya kabisa na ya zamani inatakiwa ifungwe. Kama namba inabadilika, kaa na taarifa za miezi mitatu uorodheshe kila anayekulipa kwa namba ya zamani na kila malipo yanayotoka yenyewe: kodi ya nyumba, bima, ada ya shule, mkopo. Maagizo hayo ya kudumu mara nyingi hayahami yenyewe. Liache lango la zamani wazi mwezi mmoja hadi umwone kila mlipaji ametumia namba mpya, kisha lifunge kwa barua.

Nasisitiza kufunga kwa sababu hapo ndipo mambo huharibika zaidi. Mtu anafunguliwa akaunti ya msingi, anaondoka ameridhika, na ile ya zamani inabaki hai ikikata 500 kila mwezi hadi iwe hasi. Fomu aliyosaini ilikuwa ya kufungua, hakuna aliyempa ya kufunga. Omba uthibitisho wa maandishi kwamba ya zamani imefungwa na haina deni. Kadi pia iulizie: kadi ya zamani inaweza kuwa na ada yake ya mwaka isiyohusiana na ada ya mwezi, na ya akaunti ya msingi inaweza kuwa ya aina nyingine ambayo haifanyi malipo ya mtandaoni. Kitabu cha hundi utakipoteza karibu kwa hakika, na ruhusa ya kutoa zaidi ya salio nayo. Nchini India mwenye akaunti ya msingi haruhusiwi kuwa na akaunti nyingine ya akiba katika benki hiyohiyo. Uliza kama kwenu kuna sharti la namna hiyo, au kikomo cha kiasi kinachoweza kuingia kwa mwezi. Kikomo hicho kinawauma hasa watu kama wewe, ambao mwezi mmoja hupata kidogo na unaofuata hulipwa kazi tatu kwa pamoja.

Mabadiliko yakishafanyika, usiamini neno, amini taarifa ya akaunti. Ya mwezi wa kwanza inaweza bado kuwa na ada, kwa sababu benki nyingi hazigawanyi mwezi katikati. Ya mwezi wa pili haitakiwi kuwa nayo. Tazama juu ya ukurasa pameandikwa aina gani ya akaunti, kisha pitia mistari ya makato mmoja mmoja. Ukiona kingine kinakatwa, kama ujumbe mfupi wa simu kwa kila muamala, hicho unaweza kukiondoa kwa fomu yake, lakini ujue utapoteza onyo la haraka pesa ikitolewa bila wewe kujua. Mimi hicho ningekilipa.

Ofisa akikataa, omba sababu kwa maandishi na namba ya kumbukumbu ya lalamiko lako. Benki huwa na dawati la malalamiko makao makuu, na lalamiko lenye namba lazima lijibiwe na mtu, tofauti na la mdomo. Wakikaa kimya kupita muda waliojiwekea, hatua inayofuata ni msimamizi wa mabenki wa nchi yako au ofisi ya usuluhishi wa huduma za fedha kama ipo. Wao watakuuliza kwanza kama ulianza na benki yenyewe, ndiyo maana nakala ile yenye muhuri ina thamani. Lakini ujue mpaka wao: wanaangalia kama benki imefuata masharti yake na sheria, si kama ada ni kubwa. Ukiwapelekea "ada ni ghali" watakurudisha. Ukiwapelekea hesabu ya wastani iliyofika 35,100 na bado ikakatwa, wana kitu cha kushika.

Kuna hali ambazo barua pekee haitoshi, na ningependa ukae ana kwa ana na mtu kabla ya kusaini chochote. Kama una mkopo unaokatwa kwenye akaunti hii, mkataba wa mkopo unaweza kuwa unakutaka uitunze akaunti ya aina hiyohiyo, na ukihama riba ikapanda. Zungumza na ofisa wa mikopo, si wa huduma. Kama akaunti ni ya watu wawili, kwa kawaida wote wawili lazima wasaini. Na kama salio tayari ni hasi na umeanza kupigiwa simu na wakusanya madeni, peleka makaratasi kwa mshauri wa madeni au mwanasheria wa watumiaji kabla hujalipa hata sehemu, kwa sababu sehemu ya deni hilo inaweza kuwa ni ada zilizokatwa juu ya ada, na hizo ndizo za kwanza kupingwa.